Pasi za kutazama michezo mtandaoni: maswali mnayouliza kuhusu NBA League Pass

Kila Oktoba, msimu wa NBA unapokaribia kuanza, maswali huwa ni yale yale. Nilipie msimu mzima au mwezi mwezi? Mbona mechi ya timu yangu imefungwa? Mbona mdogo wangu akifungua kwake mimi natolewa? Majibu haya yanaihusu League Pass kwa sababu ni pasi inayouzwa Dar es Salaam na Dallas kwa jina lile lile, ila ukiifungua unakuta si kitu kile kile. Ukishaelewa kwa nini, pasi za ligi nyingine hazitakusumbua sana.

Nikilipia, nanunua nini hasa?

Ligi ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 82 katika msimu wa kawaida, kwa hiyo jumla ni mechi 1,230. Watu wengi hulipia wakiamini wamenunua zote hizo. Walichonunua ni ruhusa ya kutazama zile ambazo haki zake hazijauzwa kwa kituo kingine pale walipo wakati wanabonyeza kitufe cha kucheza. Ndani ya Marekani zilizouzwa kwa wengine ni nyingi mno. Afrika Mashariki ni chache, ndiyo maana aliyeko Arusha anaweza kuona mengi kuliko jamaa yake anayeishi mtaa wa pili kutoka uwanjani.

Pasi huja katika ngazi mbili kuu: ya kawaida, yenye matangazo ya biashara na inayoonyesha kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja, na ya juu, isiyo na matangazo ya biashara, inayoruhusu vifaa zaidi ya kimoja kwa pamoja na kupakua mechi ukazitazama bila intaneti. Kuna misimu ambayo huuzwa pia pasi ya timu moja tu. Hiyo nitaigusa mwishoni.

Niko Nairobi. Kuna faida gani kulipia mubashara ikiwa mechi zinachezwa nimelala?

Anza na saa kabla ya kuanza na bei. Mechi nyingi za mashariki mwa Marekani huanza saa 1 au saa 1 na nusu jioni kwa saa za kule. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, tofauti ya saa kati ya New York na Nairobi ni saa 8, kwa hiyo mechi ya saa 1 na nusu jioni inaanza kwako saa 9 na nusu usiku. Wakirudisha saa za kiangazi, inasogea kuwa saa 8 na nusu usiku. Aliyeko Goma au Lubumbashi ataiona saa moja mapema zaidi, na aliyeko Muscat saa moja baadaye. Kwa mfanyakazi anayeamka saa 11 alfajiri, hiyo ni saa mbaya kuliko zote: huwezi kukesha, na huwezi kujidai umeamka mapema.

Ila ligi ina timu za magharibi pia, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Mechi inayoanza saa 1 na nusu jioni Los Angeles au San Francisco, katikati ya majira ya baridi, inaanza saa 12 na nusu asubuhi Nairobi. Shabiki wa Lakers au Warriors anaangalia robo ya kwanza akinywa chai, na robo ya nne akiwa kwenye matatu. Kwa maoni yangu, anayeanza kufuatilia ligi hii akiwa Afrika Mashariki na hana timu bado, achague ya magharibi, halafu mapenzi yatakuja yenyewe. Shabiki wa Boston au Miami anayeishi Mombasa, kwa sehemu kubwa ya msimu, ni mtu wa marudio, apende asipende.

Kuna mechi za mchana pia. Jumamosi na Jumapili baadhi hupangwa mapema: inayoanza saa 9 na nusu alasiri New York unaiona saa 5 na nusu usiku. Siku ya Krismasi huwa na mechi tano mfululizo, na ya kwanza huanza saa 6 mchana kwao, yaani saa 2 usiku kwetu. Hiyo ni siku moja ambayo unaweza kukaa na familia sebuleni ukaona mechi nzima bila kuiba usingizi.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua ratiba ya timu yako, chukua mwezi mmoja tu, na uhesabu ni mechi ngapi zinaanguka kwenye saa ambazo kweli utakuwa macho. Zikiwa mbili au tatu, unalipia marudio, na unapaswa kuipima pasi kama marudio.

Marudio yanatoka baada ya muda gani?

Nje ya Marekani, mechi nzima kwa kawaida inapatikana muda mfupi baada ya filimbi ya mwisho. Ukiamka saa 1 asubuhi, mechi ya usiku ipo. Kuna pia toleo lililofupishwa, lenye vikapu na matukio makubwa bila mapumziko na mipira ya adhabu, ambalo unalimaliza kabla chai haijapoa.

Ndani ya Marekani, marudio yana foleni. Kanuni ya miaka mingi imekuwa hivi: mechi iliyofungwa kwa sababu ilionyeshwa kwenye kituo cha kitaifa hufunguliwa takriban saa tatu baada ya kumalizika, na ile iliyofungwa kwa sababu ni ya timu ya eneo lako hufunguliwa baada ya siku tatu. Mechi ya Jumatatu unaiona Alhamisi. Kwa mtu anayependa timu ya nyumbani kwake, marudio ya siku tatu ni kama gazeti la juzi, na sijakutana na mtu aliyeridhika nayo.

Nitakwepaje kujua matokeo kabla sijatazama?

Kwenye mipangilio ya aplikesheni ya NBA kuna kitufe kimeandikwa *Hide Scores*. Kiwashe kabla hujalala, na uzime taarifa zote zinazojitokeza kwenye simu, za aplikesheni hiyo na za nyingine zote za michezo. Watu wengi husahau hizo nyingine.

Hata hivyo, kuna siri moja inayovuja ambayo *Hide Scores* haiwezi kuificha vizuri: urefu wa video. Mechi ya kawaida, pamoja na mapumziko, huchukua takriban saa mbili na robo hadi mbili na nusu. Ukiona mstari wa muda chini ya skrini unaonyesha karibu saa tatu, umeshajua kuna muda wa nyongeza. Halafu mwishoni mwa robo ya nne, timu yako ikiwa nyuma kwa pointi tatu, unajua itasawazisha, na raha imekwisha. Dawa yake ni kufunika sehemu hiyo ya skrini, au kutoigusa kabisa baada ya kuanza, kwa sababu mstari huo hujitokeza ukigusa tu.

Hata anayetazama mubashara hayuko salama. Picha ya mtandaoni huchelewa nyuma ya uwanja, mara nyingi kwa nusu dakika hadi dakika nzima, kwa kuwa video hukatwa vipande, ikasafirishwa na kukusanywa tena kwenye simu yako. Kundi la WhatsApp likiwa na mtu mmoja anayetazama kwa dishi, atashangilia kabla mpira haujaondoka mikononi mwa mchezaji kwenye skrini yako. Nyamazisha kundi hadi mechi iishe.

Mechi moja inakula bando kiasi gani?

Picha nzuri ya HD hutumia takriban megabiti 5 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawanya kwa 8, unapata karibu GB 2.25 kwa saa. Mechi ya saa mbili na nusu ni GB 5.6. Ukishusha ubora hadi megabiti 1.5, ambao kwenye skrini ya simu unatosha kumwona mchezaji japo mpira unafifia ukirushwa kwa kasi, mechi nzima inakuwa kama GB 1.7.

Shida ni kwamba aplikesheni ikiachwa ijiamulie itapandisha ubora kila mtandao unapokuwa mzuri, na usiku wa manane mtandao huwa mzuri. Weka ubora mwenyewe kabla mechi haijaanza. Na kama una Wi-Fi kazini, ngazi ya juu ya pasi yenye ruhusa ya kupakua inaweza kujilipa kwa bando peke yake: unapakua mechi ya usiku mchana, unaitazama jioni ukiwa njiani bila kutumia hata megabaiti moja. Mechi mbili kwa wiki kwa HD ni kama GB 45 kwa mwezi. Linganisha bei ya bando la kiasi hicho na nyongeza ya bei ya ngazi ya juu, kisha uamue.

Nimehamia Dallas na nimenunua pasi ili nione Mavericks. Kila mechi imefungwa. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, ila umenunua kitu kimoja ambacho hakitakusaidia kwa hamu hiyo. Swali hili ndilo linaloniletea watu wengi zaidi, hivyo nitalieleza taratibu.

Nchini Marekani kila mechi ina wauzaji wawili. Timu yenyewe huuza haki za mechi zake kwa kituo cha eneo lake, na ligi huuza kifungu kingine cha mechi kwa vituo vya taifa zima. League Pass hupewa kilichobaki. Wewe uliyeko Dallas uko ndani ya eneo la Mavericks, kwa hiyo mechi zote za Mavericks, za nyumbani na za ugenini, ni mali ya kituo cha eneo. Tuseme unaipenda Denver badala yake: utaiona sehemu kubwa ya msimu, isipokuwa inapokutana na Mavericks, na isipokuwa usiku ule inapoonyeshwa kitaifa.

Mechi za kitaifa nazo si chache. Tangu msimu wa 2025–26, kwa mkataba wa miaka 11, zimegawanywa kwa kampuni tatu: Disney kupitia ESPN na ABC, NBC pamoja na Peacock, na Amazon kupitia Prime Video. Peacock ina Jumatatu, NBC Jumanne, ESPN Jumatano, Prime Ijumaa, na wikendi wanagawana. Kwa hiyo usiku ambao unapenda zaidi kutazama ndio usiku ambao pasi yako inakuambia hapana. Na timu inavyokuwa maarufu ndivyo inavyoonyeshwa kitaifa zaidi. Kubwa kabisa hufika mechi 30 na zaidi kwa msimu. Shabiki wa Lakers anayeishi Ohio anakosa mubashara zaidi ya theluthi ya mechi zake kwenye League Pass. Shabiki wa timu ndogo isiyotajwa na mtu anaona karibu zote. Mechi za mtoano, kuanzia Aprili hadi fainali za Juni, Marekani zote ni za kitaifa, kwa hiyo hakuna hata moja ambayo utaiona mubashara kwenye pasi.

Sasa habari njema kwako. Tangu msimu wa 2024–25 Mavericks waliachana na kituo cha kulipia na kuhamia televisheni ya hewani, KFAA, chaneli 29. Maana yake unahitaji antena ya dirishani tu, ile ya kununua mara moja. Hakuna ada ya mwezi. Rudisha pasi kama bado uko ndani ya siku za kurudishiwa, nunua antena, elekeza upande wa minara, na mechi nyingi za timu yako zitakuwa bure. Si timu zote zimefanya hivi, lakini timu kadhaa zimerudi hewani, na baadhi zinauza huduma yao ya mtandaoni kwa wakazi wa eneo lao. Anza huko kila mara unapoipenda timu ya mji wako.

Kabla ya kulipa, mwenye makazi Marekani aingie kwenye tovuti ya NBA, aweke namba ya posta ya nyumba anayoishi, aone ni timu zipi zimefungwa kwake. Inaweza kuwa zaidi ya moja. Ligi ya besiboli ndiyo mfano mbaya kabisa wa jambo hili: jimbo la Iowa halina hata timu moja ya ligi kuu, lakini kwa miaka mingi wakazi wake walifungiwa timu sita za majimbo ya jirani.

Basi si nitumie VPN nijifanye niko Tanzania?

Masharti ya pasi yanakataza, na akaunti inaweza kufungwa bila kurudishiwa hela. Lakini hata tukiliacha hilo, kwa vitendo inachosha. Huduma hizi zina orodha za anwani za IP za kampuni za VPN na huzizuia kwa mafungu, kwa hiyo inafanya kazi Jumapili na inakataa Jumatano katikati ya robo ya tatu. Kwenye simu, aplikesheni inaweza pia kuomba ruhusa ya kujua ulipo, na ukiinyima inakataa kucheza. Bei nayo hutegemea nchi ya malipo, si mahali unapojifanya uko.

Kuna wanaokwama bila kosa lao. Intaneti ya simu wakati mwingine hutoka kupitia mji mwingine, na ukiwa mbali kabisa mfumo unaamini uko Dallas. Dalili yake ni kwamba mechi imefungwa kwenye data ya simu na inafunguka kwenye Wi-Fi ya nyumbani, au kinyume chake. Ukiona hivyo, piga picha ya skrini yenye ujumbe wa kufungiwa pamoja na saa, kisha uandikie huduma kwa wateja. Ukilalamika bila picha utatumiwa jibu la jumla.

Nikisafiri, pasi yangu inakuja na mimi?

Akaunti inakuja, haki haziji. Mechi zinazofunguka hupangwa upya kulingana na nchi uliyomo, na baadhi ya pasi hazifunguki kabisa nje ya nchi zilikonunuliwa. Soma kifungu cha kusafiri kwenye masharti kabla ya safari ya Desemba, si ukiwa tayari kwa bibi Moshi.

Ulaya wana afueni ya kisheria. Tangu tarehe 1 Aprili 2018, mkazi wa nchi ya Umoja wa Ulaya aliyelipia huduma ya kutazama mtandaoni ana haki ya kuitumia vile vile akiwa safarini kwa muda katika nchi nyingine ya Umoja. Anayeishi Brussels akienda wiki mbili Lisbon, haki zake za Ubelgiji zinamfuata. Uingereza ilitoka kwenye mpango huo mwanzoni mwa 2021, kwa hiyo anayeishi Leicester hana haki hiyo.

Kaka yangu yuko London na hawezi kuona mechi ya Arsenal ya Jumamosi alasiri, mimi Tanga naiona. Ni jambo hilo hilo?

Mzizi ni mmoja, ila sababu ni nyingine. Uingereza ina katazo la tangu miaka ya 1960: Jumamosi kati ya saa 8 na dakika 45 mchana na saa 11 na robo jioni, hakuna mpira wa miguu unaoruhusiwa kuonyeshwa mubashara. Lengo lilikuwa watu waende viwanjani, hasa kwenye klabu ndogo, na aliyelipigia debe zaidi alikuwa Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley. Hakuna pasi inayoweza kumuuzia kaka yako mechi ya saa 9 alasiri, kwa bei yoyote, kwa sababu hakuna aliyenunua haki hiyo nchini humo. Nje ya Uingereza haki hizo zinauzwa, na kusini mwa Sahara mnunuzi amekuwa SuperSport. Kaka yako atasubiri muhtasari, wewe endelea kumpigia simu kila goli likiingia.

Naweza kuingia kwenye vifaa vingapi?

Kuna hesabu mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni vifaa ulivyoingia kwa akaunti yako: simu, kompyuta, televisheni ya sebuleni. Hivyo vinaweza kuwa kadhaa. Nyingine ni vifaa vinavyocheza kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo inayobana. Ngazi ya kawaida ni kimoja tu. Ukiwa unatazama kwenye televisheni na mwanao akafungua mechi chumbani kwa simu, mmoja atatolewa, na mfumo haujui nani mkubwa.

Malalamiko mengi yanatoka kwa mtu anayeishi peke yake. Anatazama kwenye televisheni, anaizima kwa rimoti bila kuifunga aplikesheni, anatoka, anafungua simu njiani, anaambiwa vifaa vimezidi. Televisheni nyingi zikizimwa kwa rimoti zinalala tu, na huduma bado inadhani unatazama hadi muda fulani upite. Rudi nyuma hadi kwenye ukurasa wa mwanzo wa aplikesheni kabla ya kuzima. Ukiwa umeshatoka, subiri dakika kadhaa, au ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari na uchague kutoka kwenye vifaa vyote.

Ukiona unatolewa na nyumbani hakuna mtu, badilisha nywila siku hiyo hiyo. Kuna aliyepewa na aliyepewa na wewe.

Naweza kulipia ngazi ya juu tukagawana na shemeji aliyeko mji mwingine?

Masharti huruhusu watu wa nyumba moja. Tena kila mmoja anahukumiwa na mahali alipo: shemeji akiwa Boston, Celtics zimefungwa kwake hata kama wewe Dallas unaziona.

Nina kibanda umiza. Naweza kuonyesha mechi za pasi na kutoza kiingilio?

Hapana. Pasi hizi zote ni za matumizi binafsi nyumbani. Baa, kibanda na ukumbi vinahitaji leseni ya biashara kutoka kwa mwenye haki za nchi yako, na wakaguzi hutembea.

Nilipie msimu au mwezi?

Chukua bei ya msimu, igawanye kwa bei ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi ambayo bei mbili zinalingana. Kisha hesabu malipo utakayoyafanya kweli, kwa tarehe, si kwa kukadiria.

Mfano wa bei halisi. Msimu wa 2022–23 Marekani, ngazi ya kawaida ilianza kwa dola 99.99 kwa msimu au dola 14.99 kwa mwezi. Ukigawanya unapata 6.67. Yaani malipo sita ya mwezi ni nafuu kuliko msimu, malipo saba ni ghali zaidi.

Msimu wa kawaida ulianza tarehe 18 Oktoba 2022 na kumalizika tarehe 9 Aprili 2023. Aliyeanza kulipa siku ya kwanza alikatwa tarehe 18 ya Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari na Machi. Malipo ya Machi yalimfikisha katikati ya Aprili. Hayo ni malipo sita, dola 89.94. Na kwa kuwa mkazi wa Marekani haoni mtoano mubashara kwenye pasi hata hivyo, hakuhitaji zaidi. Kwa hiyo mlipaji wa mwezi aliokoa dola 10 dhidi ya mlipaji wa msimu, jambo ambalo watu hawaamini hadi waandike kwenye karatasi. Ila sharti lake ni kughairi kabla ya tarehe 18 Aprili. Akisahau mara moja tu, amelipa dola 104.93 na akiba yote imekwenda.

Sasa mtu wa nje ya Marekani, ambako katika nchi nyingi mtoano umo ndani ya pasi. Fainali za msimu huo ziliisha tarehe 12 Juni 2023. Anaongeza malipo ya Aprili na Mei, yanakuwa manane. Kwa uwiano ule ule wa bei, manane ni dola 119.92, na msimu unashinda kwa karibu dola 20. Bei za nchi yako zitakuwa nyingine, lakini fanya hesabu hii hii kwa bei utakazoziona kwenye simu yako.

Anayechelewa ana bahati yake. Aliyeanza Krismasi akatazama hadi mwisho wa msimu wa kawaida alihitaji malipo manne, dola 59.96. Tena bei ya msimu mara nyingi hushushwa msimu ukisonga, na karibu na mwisho wa Novemba huwa na punguzo la wafanyabiashara. Kama huna haraka na Oktoba, mwezi mmoja wa kujaribu kisha pasi ya msimu iliyopunguzwa ni mpango mzuri. Unatumia mwezi huo kugundua kama kweli utaamka.

Nalipaje kutoka Afrika Mashariki, na kughairi kukoje?

Kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni inatosha. Kenya unaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Bei ikiwa ya dola, benki inaweka kiwango chake cha kubadilisha fedha na huenda na ada juu yake, hivyo usishangae makato yakizidi ulichohesabu.

Kumbuka ulilipia wapi. Uliyelipia kupitia duka la Google au Apple unaghairi kwenye duka hilo. Kufuta aplikesheni hakusimamishi makato. Pasi za msimu nazo hujirudia zenyewe msimu unaofuata, na makato huja wakati umeshasahau na bei imepanda. Zima kujirudia siku ile ile unayolipa. Pasi itaendelea hadi mwisho wa muda uliolipia.

Na ile pasi ya timu moja?

Ikipatikana nchini kwako, inafaa mtu mwenye timu moja na hataki mengine, kama wale walioanza kuifuata Memphis mwaka 2009 ilipomchagua Hasheem Thabeet wetu namba mbili na wakabaki nayo hata alipoondoka. Msimu ule wa 2022–23 iliuzwa Marekani dola 89.99, dola 10 tu chini ya ligi nzima, na kwa tofauti hiyo mimi ningechukua ligi nzima. Tofauti ikifika theluthi ya bei, chukua ya timu. Na ukiwa unaishi kwenye eneo la timu hiyo Marekani, usiiguse.